Muhuri wa Dada

Wapo watu wanaodhani muhuri ni baraka. Nawaona kila siku, kwa sababu duka langu la stationari linatazamana na ofisi za serikali, nao hupita kwangu kutoa kopi kabla ya kupanga foleni. Wakishagongewa muhuri nyuso zao zinakunjuka, wanaikunja karatasi na kuitia mfukoni bila kusoma hata mstari. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, tangu nilipoona muhuri wa mwanamke ninayemheshimu ukimfilisi ndugu yake wa tumbo moja, ilhali kila kitu kilichoandikwa juu ya muhuri ule kilikuwa kweli tupu.

Mwanamke huyo tunamwita Mama Muhuri. Amepanga kona ya duka langu, kati ya mashine ya fotokopi na rafu ya bahasha. Ana meza moja, viti viwili, kompyuta inayochemka ikiguswa, na kamusi mbili nene ambazo majalada yake ameyafunga kwa gundi ya karatasi kutoka kwangu, na bado hajanilipa. Ni mfasiri aliyeapishwa mahakamani. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mawakili, akichapa mikataba ya watu wenye pesa mpaka macho yakaomba miwani. Mawakili wale walipofunga ofisi, wenzake walitafuta kazi nyingine. Yeye alikwenda kuomba mtihani wa ufasiri, akaupita, akaja kwangu kuniuliza ile kona naipangisha bei gani.

Watu humletea vyeti vya kuzaliwa, hukumu za talaka, barua za shule. Husoma kila sentensi kwa sauti ya chini, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili, akitikisa kichwa hadi zilingane. Mteja akimuuliza, "Mama, wewe unaonaje, nikubali?" jibu lake ni lile lile: "Mimi sioni, mimi nafasiri." Wengine hukasirika. Mimi mwenyewe limenikera mara nyingi, maana mtu akiwa anajua jambo, kumnyima mwenzake ni roho mbaya. Yeye anasema mfasiri anayeanza kushauri amekwisha kuwa upande wa mtu, na karatasi ya mtu mwenye upande haiaminiki na yeyote. Tumelumbana juu ya hilo tukinywa chai hadi chai ikapoa.

Mdogo wake ni dobi. Mtaa mzima unamwita Pasi. Mama yao aliwaacha wangali wadogo, na dada ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa mshahara wa ukarani hadi shule ikamshinda. Shule ilipomshinda akamnunulia pasi ya mkaa na meza. Pasi alianzia barazani. Akapanga chumba, akaongeza mashine moja, akaongeza nyingine, hadi akawa na duka lenye mlango wa kioo kwenye barabara ya chuo, na namba ya simu iliyoandikwa juu ya mlango kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo. Wanafunzi wa chuo na wageni wa nyumba za kulala, wote wa upande wa pili wa barabara, ndio waliokuwa mtaji wake. Kila Jumatatu asubuhi alimletea dada yake blauzi za wiki nzima, zimepigwa pasi, ziko kwenye hanga. Hakumtoza hata senti. Dada hakuwa na pasi nyumbani, angeitaka ya nini?

Basi ikaja kampuni moja kubwa ya madobi, yenye matawi nchi nzima na rangi zake za bluu na njano. Kampuni hii haifungui maduka yake yenyewe kama inaweza kuepuka. Inatafuta mtu mwenye duka tayari, inampa jina lake, rangi zake na sabuni zake, naye anailipa. Afisa wao wa mauzo, kijana wa shati jeupe na manukato ya kukata pumzi, alimwendea Pasi, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka Pasi akateleza. Pasi akasema sawa, lakini Kiingereza cha mikataba hakijui, apewe Kiswahili.

Wiki ile ile Bwana Mauzo aliingia dukani kwangu na mkataba ndani ya bahasha.

"Mama," alimwambia Mama Muhuri, "kampuni inataka tafsiri rasmi. Tutalipa sisi. Mteja tutampa nakala yako kabla ya kusaini."

Mama Muhuri alifungua ukurasa wa kwanza, akaona jina. Akauweka mkataba mezani.

"Huyu ni mdogo wangu. Tafuteni mfasiri mwingine."

"Tunajua ni mdogo wako," kijana alisema, akitabasamu. "Ndiyo maana tumekuja kwako. Atajua hatujamficha kitu."

Hapo ndipo nilipotaka kumfukuza yule kijana kwa ufagio, lakini duka ni duka, na alikuwa amenunua kalamu mbili. Mama Muhuri alifikiri. Akasema afadhali yeye kuliko wale wanaofasiri kwa simu na kuacha nusu ya maneno. Kijana akatoa karatasi nyingine, ya kutunza siri: mfasiri hatazungumza yaliyomo na mtu yeyote, mteja akiwemo, mpaka mkataba usainiwe. Mama Muhuri akaisaini. Mimi nilimkodolea macho, yeye akaangalia pembeni.

Kazi ile ilimkaa mezani siku kadhaa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nachapisha, niliiona yote. Kampuni aliiita mwenye chapa, na mdogo wake akawa mtumia chapa. Kulikuwa na ada ya kuingia, inalipwa mara moja, hairudishwi kwa sababu yoyote. Halafu mrabaha. Neno hilo lilimsumbua, maana watu wetu wakisikia mrabaha wanawaza mwanamuziki anayelipwa wimbo wake ukipigwa redioni, yaani pesa inayokuja. Huu ulikuwa wa kwenda. Lakini mkataba wenyewe ulikuwa na sehemu ya kueleza maana, na hapo akaandika waziwazi: mrabaha ni asilimia saba ya mauzo ghafi, ambayo mtumia chapa atamlipa mwenye chapa kila wiki, mauzo ghafi ni fedha yote iliyopokelewa dukani kabla ya kutoa kodi ya pango, mishahara, umeme, maji au gharama nyingine yoyote. Chini yake kulikuwa na asilimia mbili za matangazo. Na chini zaidi, kiwango cha chini cha mrabaha: mauzo yashuke, duka lisinzie, kila mwezi kuna kiasi ambacho lazima kifike kwa mwenye chapa.

Bwana Mauzo alikuja kuangalia kazi inakwendaje. Aliinama juu ya skrini, manukato yakatufikia sote.

"Hapa mama, badala ya mauzo ghafi, si ungeweka tu mapato? Inasomeka vizuri."

"Mapato kwa mtu wa duka ni kinachobaki mkononi," alimjibu. "Kiingereza chenu hakisemi kinachobaki. Kinasema kilichoingia."

"Na hapa, eneo linalolindwa. Weka eneo lako peke yako. Wateja wanalipenda."

"Mmeandika peke yake mahali gani? Nionyeshe, nami nitaliweka."

Kijana alicheka kicheko cha kulazimisha, akaondoka. Siku hiyo nilimpenda Mama Muhuri hadi nikamsamehe ile gundi.

Lakini lile eneo ndilo lililoleta balaa. Nyuma ya mkataba kulikuwa na kiambatisho chenye ramani na mipaka iliyotajwa kwa majina ya barabara, majina ya kwenye vitabu vya mipango miji, ambayo sisi tunaoishi hapa hatuyatumii. Mama Muhuri hafasiri asichokiona. Alitoka na ramani mkononi, akaizunguka mitaa yote kwa miguu, akiuliza mafundi viatu na wauza magazeti barabara fulani ndiyo ipi. Jioni alirudi na vumbi hadi magotini, akajitupa kitini.

"Vipi jirani?" nilimuuliza.

"Mpaka unapita katikati ya barabara ya chuo," alisema. Halafu akakumbuka ile karatasi ya siri, akafunga mdomo.

Sikuhitaji anieleze zaidi, maana karatasi zilipita kwenye printa yangu. Eneo la Pasi linaishia kwenye mstari wa katikati ya barabara iliyo mbele ya mlango wake. Duka lake ndani, chuo nje. Mabweni nje. Nyumba za wageni nje. Na kifungu kilisema mtumia chapa hatatafuta wateja, hatachukua nguo wala kupeleka nguo nje ya eneo lake bila ruhusa ya maandishi. Mteja wa nje akija mwenyewe na mfuko wake, hewala. Kingine kilisema mwenye chapa ana haki ya kumpa mtu mwingine chapa ile ile mahali popote nje ya eneo, hata kama ni mpakani, na kuwahudumia yeye mwenyewe wateja wakubwa, yaani vyuo, hoteli na hospitali, pamoja na wanaoagiza kwa simu, hata ndani ya eneo, bila fidia. Na mkataba ukivunjika, mtumia chapa hatafanya udobi ndani ya eneo wala kilomita tano kulizunguka kwa miaka miwili, na namba ya simu ya duka itakuwa mali ya mwenye chapa.

Nilizikusanya zile kurasa kwa hasira.

"Mwambie," nilimwambia. "Wewe ni dada yake. Mwambie asisaini."

"Nimesaini siri."

"Siri gani? Huyu si wewe uliyemfunga nepi!"

"Ndiyo maana nimeandika hivi," alisema, akanisogezea ukurasa wa mipaka. Alikuwa ameandika sentensi fupi ambazo mtoto wa darasa la saba angezielewa. "Asome. Akisoma ataona. Hakuna mtu anayeweza kusoma ukurasa huu asione."

Akagonga muhuri, akaweka sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba tafsiri hii ni kamili na inalingana na asili. Nikazifunga nakala kwa waya, Bwana Mauzo akaja kuzichukua.

Jumatatu iliyofuata Pasi alileta blauzi. Uso wote meno.

"Dada, nimepewa mkataba! Kitabu kizima!"

"Umesoma?"

"Nasoma, nasoma."

"Soma. Ukurasa wa eneo usome mara mbili. Chukua na ile ramani, simama mlangoni kwako, usome."

"Dada bwana," alisema, akinigeukia ili nimsaidie kucheka. "Bado anadhani niko shule."

Alikwenda zake akipiga mluzi. Mama Muhuri alisimama na zile blauzi mkononi hadi hanga zikaanza kugongana. Nadhani alitaka kumwita. Hakumwita, na mimi ambaye sikusaini siri yoyote na mtu sikumwita pia, maana nilijiambia mambo ya ndugu waachie ndugu.

Pasi akasaini. Alilipa ada ya kuingia kwa akiba yake na mkopo wa mkewe kwenye kikundi. Duka likapakwa bluu na njano. Tulikwenda kwenye ufunguzi, tukala keki, Bwana Mauzo akatoa hotuba. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Pasi aliendelea kuvuka barabara na toroli lake kuchukua nguo mabwenini kama zamani, hadi barua ya onyo ikaja. Akaacha kuvuka, akaweka bango la kuwaomba wanafunzi waje wenyewe. Wachache walikuja.

Kisha, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mlango wake, wakaanza kupaka duka lingine bluu na njano.

Alikuja kwetu siku hiyo mchana, mkataba kwapani, jasho linamtiririka. Nilikuwa namlaminishia mteja cheti, nikakisahau ndani ya mashine.

"Dada, wameniibia! Wameweka mtu mwingine mbele yangu! Si walisema eneo ni langu?"

Mama Muhuri aliufungua mkataba kwenye ukurasa wa mipaka. Ulikuwa mweupe, hauna hata alama ya kidole. Chini kabisa kulikuwa na herufi mbili za mdogo wake, za kuthibitisha kwamba ameusoma na kuuelewa.

"Hapa ulisoma?"

Pasi aliangalia ukurasa, akamwangalia dada yake.

"Niliona muhuri wako."

"Nakuuliza ulisoma?"

"Sasa ningesoma nini, dada? Nilifungua nyuma, nikaona sahihi yako na muhuri wako. Nikasema kama kingekuwa kibaya, dada asingekigonga. Umenikataza vibaya vingapi maisha yangu yote? Ungekigonga hiki?"

Mama Muhuri alivua miwani. Sijawahi kumwona akivua miwani mbele ya watu.

"Muhuri unasema Kiswahili hiki ni sawa na Kiingereza kile," alisema polepole. "Hausemi mkataba ni mzuri."

"Mimi ningejuaje hayo?"

Mteja wa cheti alikuwa amesimama, cheti chake kinaungua, naye haya ilimzuia kulalamika. Mimi nilikuwa na hasira na wote: na Bwana Mauzo aliyeujua udugu ule kuliko wenyewe, na Pasi na uvivu wake, na dada na usafi wake wa mikono.

Mengine yalikwenda kwa kasi. Chuo kikasaini na kampuni moja kwa moja kama mteja mkubwa. Mauzo ya Pasi yakaporomoka, lakini kile kiwango cha chini kilikuwa pale pale kila mwezi, hakina huruma. Akachelewa, akapewa notisi, akachelewa tena, mkataba ukavunjwa. Akatafuta wakili. Wakili alisoma karatasi zote akasema kampuni imejifunika gubigubi, isipokuwa ufa mmoja. Tafsiri ililetwa na kampuni, na mteja alisaini kwa kuitegemea. Ikithibitika kwamba ilimpotosha, hata mahali pamoja pa maana, wanaweza kudai mkataba ubatilishwe na ada irudi, na kile kifungo cha miaka miwili kife. Kama haikumpotosha, kwaheri.

Pasi alikuja na mkewe. Nilitaka kutoka niwaache, Mama Muhuri akanizuia kwa jicho.

"Dada, sema ulikosea," Pasi alisema. "Pale kwenye katikati ya barabara tu. Sema ulikuwa umechoka, hukueleza vizuri."

"Nimeeleza vizuri."

"Najua umeeleza vizuri! Nimesoma sasa! Nakuomba useme hukueleza."

"Wifi," mkewe alisema, sauti imemkauka, "sisi hatujawahi kukuomba kitu."

Hiyo ilikuwa kweli. Mama Muhuri aliwaambia atafikiri. Walipoondoka alikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Nilimwambia wafasiri hukosea kila siku, dunia haijaanguka. Alisema anajua, na akisema amekosea watamnyang'anya muhuri, hilo pia analijua, na si hilo linalomuuma zaidi. Linalomuuma ni kwamba sentensi ile ndiyo aliyoiandika kwa uangalifu kuliko zote maishani mwake, kwa sababu ilikuwa ya mdogo wake.

"Ile ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumwambia," alisema.

Nilitaka kumjibu kwamba ilikuwa namna mbovu. Nikaenda kuzima mashine ya fotokopi.

Asubuhi ya shauri, wifi yake alikuja dukani na hanga moja. Blauzi nyeupe, kola imesimama, mikono ina mstari ulionyooka kuliko rula zangu. Pasi ndiye aliyeipiga, nyumbani, juu ya meza ya chakula, maana dukani hakuruhusiwa tena kuingia. Mama Muhuri aliingia nyuma ya rafu akabadilisha.

Shauri halikuwa mahakamani. Mkataba ulitaka mgogoro upelekwe kwa msuluhishi, jaji mstaafu, katika chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kikali na chupa za maji zilizopangwa kwa mstari. Mimi niliitwa kuthibitisha kwamba nakala zilitoka kwenye mashine yangu na hakuna ukurasa uliopungua. Nikasema ndivyo, wakaniruhusu nibaki kitini.

Wakili wa kampuni alimwomba Mama Muhuri asome kiambatisho, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili. Akasoma kama anavyosoma mezani kwake, kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa. Chumba kizima kilielewa. Hata mhudumu wa maji alielewa, nilimwona akichungulia dirishani kuitafuta hiyo katikati ya barabara.

Kisha wakili wa Pasi akasimama.

"Mama, katika kazi hii yako, mtu anaweza kukosea?"

"Anaweza."

"Hata mwenye uzoefu?"

"Hata yeye."

"Je, katika ukurasa huu, inawezekana ulikosea?"

Alimwangalia mdogo wake. Pasi alikuwa ameegemea mbele, viganja vimeshikana, na naapa kwa Mungu midomo yake ilikuwa inatamka *ndiyo*. Mama Muhuri akashika kola ya ile blauzi, akaiachia.

"Hapana," alisema. "Sikukosea."

Wakili wa kampuni alimshukuru. Akaongeza kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona tafsiri safi kama ile. Kama angekuwa karibu yangu ningemmwagia maji.

Nje, kwenye ngazi, Pasi alimsubiri. Nilidhani atamtukana, na nadhani dada yake angefurahi kutukanwa. Alisema kwa upole tu, akiangalia chini, "Ungekosea hata mahali pamoja, dada." Akamshika mkewe mkono wakaondoka.

Uamuzi ulikuja ukiwa umemtaja Mama Muhuri mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ulisema mteja alipewa maelezo kamili kwa lugha yake, tena na ndugu yake mwenyewe, mfasiri aliyeapishwa, hivyo madai yake hayana msingi. Pasi akafungasha. Mashine zilichukuliwa na kampuni kwa bei ya uchakavu, kama mkataba ulivyosema. Siku hizi yuko mbali, nje ya zile kilomita tano, anafulia watu wasiomjua kwenye banda la kukodi. Jumatatu haji. Mara moja Mama Muhuri alijisahau, akapiga ile namba ya zamani kwa simu yangu, kumuuliza nadhani kama amekula. Msichana mwenye sauti ya asali akapokea, akataja jina la kampuni, akauliza amhudumie nini. Mama Muhuri akakata, akanirudishia simu akiwa ameifuta kwa kitambaa.

Anakuja kazini na blauzi zenye mikunjo. Nilimwambia nina pasi ya ziada nyumbani, aje aichukue. Alinijibu, "Acha, wasije wakasema nimefungua udobi ndani ya eneo." Nilicheka peke yangu.

Wiki iliyopita Bwana Mauzo alirudi. Duka la Pasi limepata mtu mpya, fundi cherehani mmoja aliyeuza shamba la urithi. Kampuni ilitaka tafsiri ile ile. Ibadilishwe jina tu na tarehe. Nilisubiri kuona Mama Muhuri atakavyomtimua. Hakumtimua. Kodi ya kona alikuwa hajanilipa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemkumbusha asubuhi hiyo. Ile karatasi ya siri tu ndiyo aliyoikataa. Akasema nakala mteja ataichukua hapa, mikononi mwake. Kijana akainua mabega, akakubali.

Fundi cherehani alikuja jana, mzee mchangamfu, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mama Muhuri alimvutia kiti, akamfungulia ukurasa wa mipaka, akauweka mbele yake pamoja na ramani.

"Kaa hapa, baba," alimwambia. "Usome mbele yangu. Kwa sauti. Usipoelewa uniulize, nami nitakwambia ninavyoona."

Kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumsikia akimwambia mtu maneno hayo. Fundi alizifunua kurasa zote kwa kidole gumba hadi ya mwisho, akatabasamu.

"Ah, mama, nisikuchoshe bure," alisema akisimama, mkataba kwapani. "Si muhuri wako huu hapa? Huu unanitosha."